Kisima kimoja ni cha watu wangapi?

Kila andiko la mradi wa maji lina sentensi ambayo msomaji huikimbilia kabla ya nyingine zote: mradi utachimba visima 10 vya pampu za mkono, utanufaisha watu 8,000, na utagharimu shilingi milioni 240. Msomaji anagawa, anapata shilingi 30,000 kwa kila mtu, na moyo unatulia. Nimepitia maandiko ya namna hii kwa miaka, na hesabu hiyo siipokei mpaka nijue mambo mawili: hao watu 8,000 wametoka wapi, na kisima kimoja kimekula fedha kiasi gani kwa kweli. Namba za hapa ni za mfano, ila makosa yaliyomo nimekutana nayo mara nyingi mno.

Tuanze na watu. Mara nyingi 8,000 ni idadi ya wakazi wote wa vijiji vitakavyochimbiwa, imechukuliwa kama ilivyo kwenye daftari la mtendaji wa kijiji. Lakini mama anayeishi kilomita mbili kutoka kisimani hajanufaika kwa sababu tu kisima kiko kijijini kwake. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilishaweka kipimo: kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, kiwe ndani ya mita 400 kutoka makazi, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Kwa kipimo hicho visima 10 ni vya watu 2,500.

Asiyeridhika na sera akasimame kisimani. Pampu ya mkono, maji yakiwa kama mita 20 chini, hutoa lita 900 hivi kwa saa. Hiyo ni ndoo moja ya lita 20 kila baada ya sekunde 80, mradi mkono haupumziki. Watu 250 wanahitaji lita 6,250 kwa siku, yaani saa saba za kupampu bila kusimama. Sasa wape kisima hicho hicho watu 800, kama andiko linavyodai: lita 20,000, zaidi ya saa 22. Hakuna kijiji kinachochota maji saa 22 kwa siku. Watu 550 kati ya hao watarudi kwenye dimbwi, huku kwenye ripoti wakihesabika kuwa wana maji.

Kuna na wale wanaohesabiwa mara mbili. Wajumbe wa kamati ya maji wanaandikwa kwenye safu ya waliopata mafunzo, kisha wanaandikwa tena kwenye safu ya wanaochota. Ni watu wale wale, na majina yao ni ya kuhesabiwa mara moja.

Tugeukie gharama ya kisima kimoja. Kwenye jedwali la bajeti kila mstari una kipimo, idadi, bei ya kimoja na jumla. Mstari wa uchimbaji unasema: kisima, 10, shilingi 15,000,000, jumla milioni 150. Ndani yake mna kuchimba, mabomba ya kisima, pampu na jukwaa la zege. Mwandishi wa andiko atakwambia kisima chake ni cha milioni 15, na hadanganyi, ila hajamaliza. Milioni 90 zilizobaki zinafanya nini? Milioni 18 ni za upimaji wa maji chini ya ardhi na usimamizi wa mkandarasi, 20 ni za kuunda na kufundisha kamati, na 52 ni mishahara, gari, mafuta na ofisi. Kisima hakichimbwi bila hivyo. Ukivigawa kwa visima 10, kila kimoja kinafika milioni 24.

Hapo ndipo wengi huingiwa na hofu. Wanajua mfadhili hapendi kuona gharama za ofisi, basi wanazisogeza kidogo kidogo kwenye mstari wa mafunzo mpaka semina ya siku tatu inakuwa na bei ya kutisha. Mimi huwashauri waziache wazi na waeleze zimegawanywaje. Afisa anayetumia siku mbili kati ya tano kwenye mradi abebwe na mradi kwa asilimia 40 ya mshahara wake, na karatasi ya mahudhurio ioneshe hivyo. Gharama iliyo wazi inajadilika. Iliyofichwa ikigunduliwa na mkaguzi, bajeti nzima inakosa kuaminika.

Halafu kuna visima vikavu, ambavyo andiko huwa halivitaji kabisa. Tuseme viwili kati ya 10 vimekosa maji. Mkandarasi hatadai pampu wala jukwaa, lakini mashine yake imetoboa ardhi na dizeli imeungua, hivyo analipwa, tuseme, milioni 9 kwa kila kimoja. Vinane vyenye maji vimekula milioni 120, vikavu milioni 18, na zile gharama nyingine milioni 90. Jumla ni milioni 228, na mzigo wote unabebwa na visima vinane: milioni 28.5 kila kimoja. Gawa kwa watu 250. Kila mnufaika amegharimu shilingi 114,000, karibu mara nne ya ile 30,000 ya mwanzo.

Je, 114,000 ni ghali? Namba peke yake haisemi. Ilinganishe na kazi inayofanana, mahali panapofanana. Kuchimba kwenye mwamba mgumu ambako maji yako mbali chini hakuwezi kuwa na bei ya kuchimba kwenye mchanga wa pwani, na mradi unaokwenda kwenye vijiji vya mbali visivyo na chochote utakuwa na gharama kubwa kwa mtu kuliko unaochimba kando ya lami. Nikiona mradi wa bei ya chini sana, nauliza kwanza umeepuka kwenda wapi.

Swali linalonikaa zaidi ni la muda. Pampu ya mkono haifi kwa uzee. Inakufa kwa kipande cha mpira wa pistoni kilicholika, ambacho kwa aina nyingi za pampu kinapaswa kubadilishwa kila mwaka au kila baada ya muda mfupi. Kisima kikitoa maji miaka mitatu na kunyamaza, ile 114,000 imekuwa shilingi 38,000 kwa mtu kwa kila mwaka wa maji. Sasa ongeza kwenye bajeti milioni 1.5 kwa kila kisima: vipuri, seti ya spana, na mafunzo ya mafundi wawili wa hapo kijijini. Gharama ya kisima inapanda hadi milioni 30 na ya mnufaika hadi 120,000, na kwenye jedwali mradi unaonekana umekuwa ghali. Lakini pampu ikidumu miaka 10 kwa matunzo hayo, mwaka mmoja wa maji kwa mtu mmoja ni shilingi 12,000. Vipuri vya baadaye vitalipwa na michango ya watumiaji, nayo iingizwe kwenye hesabu kwa sababu ni fedha za watu.

Mstari huo wa milioni 1.5 ndio unaokatwa kwanza bajeti inapobanwa, kwa kuwa kuukata kunashusha gharama ya kisima siku hiyo hiyo na hakuna jukwaa la zege litakalopungua. Nimeshuhudia ukikatwa katika kikao cha nusu saa, na wote mezani wakaafiki.

Ukiwa mjumbe wa serikali ya kijiji na umeletewa andiko la kisima ulitie saini, omba jedwali la bajeti lenyewe wala usitosheke na muhtasari. Tafuta mstari wa vipuri. Usipouona, usitie saini mpaka uwekwe.