Theluthi Mbili ya Wastani

Mwaka 1997 wasomaji wa gazeti la Financial Times la London walipewa shindano lililobuniwa na mwanauchumi Richard Thaler. Kila mmoja atume namba nzima kati ya 0 na 100, na atakayekaribia zaidi theluthi mbili ya wastani wa namba zote ndiye mshindi. Zawadi ilikuwa tiketi za ndege kwenda Marekani.

Asiyewaza wengine watafanya nini huandika namba yoyote, na namba za watu kama hao hukusanyika kwenye wastani wa karibu 50. Anayeliona hilo huchukua theluthi mbili ya 50, akaandika 33. Lakini mwingine anajiuliza: je, kama wote wamefika hapo? Huyo anaandika 22. Wa hatua inayofuata anaandika 15, kisha 10. Ukiendelea hivyo bila kusimama, unaishia sifuri, au 1, kwa kuwa namba nzima iliyo karibu zaidi na theluthi mbili ya 1 ni 1 yenyewe.

Kwa hesabu, sifuri haina kasoro. Kwenye kundi la watu halisi, hushindwa. Chukua watu watano walioandika 50, 33, 30, 22 na 0. Jumla ni 135, wastani 27, na theluthi mbili yake ni 18. Mwenye 22 anashinda. Aliyeandika sifuri yuko mbali na 18 kuliko hata aliyeandika 33, ingawa ndiye aliyewaza mbali kuliko wote. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Alichokosea ni kudhani wenzake wote wamefika naye. Ndiyo maana naupenda mchezo huu: unakudai uwajue watu, na kuwatangulia kwa hatua moja tu.

Katika shindano lile la gazeti wastani ulikuwa 18.91, na 13 ikashinda. Wengi waliandika 33 na 22, yaani waliishia hatua ya kwanza au ya pili. Wapo pia walioandika 0 na 1, wakakosa tiketi.

Mtafiti Rosemarie Nagel, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1995, aliwachezesha watu wale wale raundi nne, wakitangaziwa matokeo kila raundi inapokwisha. Raundi ya kwanza wastani ulikuwa karibu 37, kisha namba zikashuka raundi baada ya raundi. Mtu angedhani wachezaji walianza kuwaza hatua nyingi zaidi. Sivyo alivyoona Nagel. Wengi waliendelea na hatua zao moja au mbili, ila sasa hawakuanzia tena 50. Walianzia wastani wa raundi iliyopita, na kwa kuwa huo ulikuwa umeshashuka, hatua zile zile chache ziliwafikisha chini zaidi.