Neno Moja, Mambo Matatu: Ubaguzi Kazini na Kesi ya Kiwanda cha Draper

Ukikaa kwenye kikao chochote cha jumuiya zetu hapa Marekani, utasikia neno "ubaguzi" likibebeshwa mizigo ya kila namna. Mmoja anasimulia jinsi mwenzake wa ghalani anavyowasema Waafrika kuwa hawana akili. Mwingine amenyimwa nafasi ya usimamizi, akapewa aliyemkuta hajui hata kuendesha foklifti. Wa tatu aliomba kazi ya kuosha vyombo, akaambiwa lete kwanza cheti cha sekondari ya Kimarekani. Wote watatu wanasema wamebaguliwa. Kuumia wameumia wote, ila hawakuumizwa na kitu kimoja, na njia ya kudai haki si moja.

Dhana, na tendo

La kwanza ni dhana: hukumu ambayo mtu amekwisha kuitoa juu ya watu wa rangi au nchi fulani kabla hajamjua hata mmoja wao. Dhana hukaa kichwani. Nasi tunayo: ni mara ngapi tumesikia, tena kwenye meza zetu wenyewe, kwamba Wamarekani weusi hawapendi kazi? Sheria haina namna ya kumshitaki mtu kwa anachofikiri. Lakini dhana ikishatamkwa kila siku, kwa matusi na kejeli, hadi mtu akashindwa kufanya kazi, hapo imetoka kichwani na kuwa unyanyasaji, nao una kesi.

La pili ni kubagua kwenyewe. Kubagua ni kitenzi: hiki weka huku, kile weka kule. Ni tendo, na tendo huacha alama. Mwaka 2004 wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha jaribio lao la Boston na Chicago. Walijibu matangazo ya kazi kwa kutuma wasifu wa kubuni karibu 5,000, wakaugawia majina bila mpangilio: baadhi majina yanayosikika ya Wazungu, kama Emily na Greg, na baadhi yanayosikika ya watu weusi, kama Lakisha na Jamal. Wenye majina ya Kizungu waliitwa takriban mara 10 kwa kila maombi 100. Wenye majina ya watu weusi, mara 6 na nusu. Hapakuwa na haja ya kumpasua mwajiri kifua ili kuona kilichomo. Ilitosha kuwaweka wawili wanaolingana bega kwa bega, na kuangalia nani kaitwa.

Ndugu yetu wa foklifti yuko hapa. Swali lake ni hili: aliyepewa nafasi ana nini ambacho mimi sina? Akiwa na tarehe, tangazo la nafasi, tathmini zake za kazi na sifa za mwenzake, ana pa kuanzia. Akiwa na uchungu peke yake, msimamizi atasema "tulimwona anafaa zaidi", na mambo yataishia hapo.

Kiwanda kilichobadili sheria, matokeo yakabaki yale yale

La tatu ndilo gumu kuliona, kwa sababu halina sura ya mtu. Wengi huliita ubaguzi wa kimfumo. Kesi inayolifafanua vizuri kuliko zote ilitoka Draper, mji mdogo wa North Carolina, kwenye kiwanda cha umeme cha kampuni ya Duke Power.

Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi 95, na 14 kati yao walikuwa weusi. Kilikuwa na idara tano, lakini weusi waliajiriwa kwenye moja tu, ile ya vibarua. Kazi yenye mshahara mkubwa kuliko zote huko ililipa chini ya kazi ya mshahara mdogo kabisa kwenye idara nyingine nne. Huo ulikuwa ubaguzi wa wazi, wa kumtazama mtu rangi.

Tarehe 2 Julai 1965, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilianza kufanya kazi upande wa ajira. Kibao cha rangi kikashuka. Siku hiyo hiyo kampuni ikaweka sharti jipya: anayeomba kazi nje ya idara ya vibarua afaulu mitihani miwili, juu ya cheti cha sekondari kilichokuwa kikidaiwa tangu 1955. Sharti halikutaja rangi ya mtu. Mzungu na mweusi, wote walipimwa kwa kipimo kimoja.

Sasa tazama kipimo chenyewe. Kwa sensa ya 1960, katika kila wanaume Wazungu 100 wa North Carolina, 34 walikuwa wamemaliza sekondari; weusi walikuwa 12. Shule zilitenganishwa kwa rangi, na za weusi zilikuwa duni. Mlango ulikuwa mmoja, lakini njia za kuufikia hazikuwa sawa. Na Wazungu walioingia kabla ya sharti la cheti, wasio nacho, waliendelea kufanya kazi zile zile vizuri na kupandishwa vyeo. Cheti, basi, hakikuwa kinapima uwezo wa kazi.

Wafanyakazi 13 weusi, wakiongozwa kwa jina na Willie Griggs, wakaenda mahakamani. Kampuni haikuonekana kuwa na nia mbaya. Ilikuwa hata ikilipa theluthi mbili ya ada kwa mfanyakazi anayetaka kumaliza sekondari. Tarehe 8 Machi 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja, ilisema nia njema haitoshi. Sharti linalowafungia nje watu wa rangi fulani halikubaliki mpaka mwajiri aonyeshe kwamba lina uhusiano na kazi yenyewe.

Namna ya kulitambua

Hapa unahesabu watu. Mwaka 1978 vyombo vya serikali viliweka kipimo cha nne kwa tano: kundi likifaulu kwa chini ya asilimia 80 ya kiwango cha kundi linaloongoza, kuna jambo la kuchunguzwa. Kwa cheti cha Draper, 12 ukigawa kwa 34 unapata kama asilimia 35. Hesabu hiyo haitoi hukumu. Inafungua tu swali la pili: je, kazi inalihitaji sharti hili? Leseni ya uuguzi inahitajika, kwani uhai wa mgonjwa umo humo. Cheti cha sekondari cha Kimarekani kwa mwosha vyombo ni jambo jingine.

Njia hii ina mipaka yake. Sheria hiyo ya 1964 huwagusa waajiri wenye wafanyakazi 15 na zaidi. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Fursa Sawa za Ajira, EEOC, ndani ya siku 180, au 300 pale ambapo jimbo lina chombo chake cha kusimamia sheria ya namna hiyo. Na Aprili 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuziagiza idara za shirikisho zisiyape kipaumbele madai ya aina ya Draper. Lakini Bunge liliyaandika ndani ya sheria mwaka 1991, na mtu binafsi bado anaweza kwenda mahakamani.

Turudi kwa wale watatu. Wa kwanza aandike maneno aliyoambiwa, siku, na nani alisikia. Wa pili amtafute wa kulinganishwa naye. Wa tatu asihangaike kutafuta nani ana chuki jikoni, maana pengine hayupo. Aulize ni wangapi wamekataliwa kwa cheti hicho, wanatoka wapi, na kama wanaoosha vyombo pale tangu zamani wanacho.