Alama Zikikataa Kusadikika

Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani, David Faust, na wenzake waliwaita watoto watatu wenye afya njema, wa miaka 9 hadi 12, wakawaomba wafanye vipimo vya ubongo vibaya kwa makusudi. Hawakuwafundisha sana namna ya kudanganya. Kisha karatasi za matokeo zikapelekwa kwa wataalamu wa saikolojia ya ubongo wazisome na kutoa maoni. Kati ya wataalamu 42 waliojibu, asilimia 93 walisema matokeo hayo si ya mtoto wa kawaida. Aliyeshuku kwamba watoto walikuwa wanajifanya hakuwepo hata mmoja.

Utafiti huo ulizua ubishi, na waliokosoa namna ulivyofanywa walikuwa na hoja zao. Hata hivyo uligusa mahali penye kidonda. Vipimo vya ubongo si kama picha ya eksirei ambayo mgonjwa hawezi kuibadilisha. Mtu anasomewa maneno ayakumbuke, anapewa vibao avipange, anataja tarakimu kinyumenyume, na kila alama inategemea kwamba ametoa alichonacho. Asipokitoa, karatasi inaonyesha udhaifu ambao ubongo huenda hauna, na jicho la mtaalamu, hata mwenye uzoefu, si chombo cha kutegemea katika kugundua hilo.

Ndiyo maana leo ndani ya vipimo vya kawaida huchanganywa vingine ambavyo kazi yake ni kuhakiki kama alama zinasadikika. Kinachotumika sana ni kile kinachojulikana kwa kifupi kama TOMM, kilichotolewa na Tom Tombaugh wa Kanada mwaka 1996. Mtu huonyeshwa michoro 50 ya vitu vya kawaida, mmoja mmoja, kila mmoja kwa sekunde 3. Halafu huonyeshwa michoro miwili miwili: mmoja alishauona, mwingine ni mgeni. Achague alioufahamu. Zoezi hurudiwa mara ya pili, na baada ya muda huweza kufanywa mara ya tatu bila kuonyeshwa upya.

Kwa macho ya anayelifanya, zoezi hili ni gumu: michoro 50, nani ataikumbuka? Kwa kweli ni jepesi mno. Kutambua kitu ulichokwisha kukiona ni kazi ambayo ubongo huimudu hata baada ya kuumia vibaya, na wengi waliopata majeraha makubwa ya kichwa hupata karibu alama zote. Anayetaka kuonekana amesahau hadanganyi kwa kipimo sahihi kwa sababu hajui waliosahau kweli wanafanyaje, kwa hiyo huzidisha.

Kuna jambo moja la hesabu hapa ambalo halina ubishi. Kwa kuwa kila swali lina majibu mawili, mtu aliyefungwa kitambaa machoni angepata wastani wa 25 kati ya 50. Akipata 22 au 28, bahati imecheza tu. Lakini akipata 13, kuna la kuelezwa, maana kati ya watu 2,000 wanaobahatisha, takriban mmoja tu ndiye atakayeshuka hadi hapo au chini zaidi. Ili kukosea kiasi hicho ni lazima uwe unalijua jibu sahihi na kulikwepa. Alama ya namna hiyo ndiyo ushahidi wa karibu kabisa wa kukusudia ambao vipimo hivi vinaweza kutoa, nayo ni adimu. Wengi wanaofeli uhakiki huangukia kati: juu ya kubahatisha, chini ya mpaka uliowekwa. Mpaka wenyewe hautatajwa hapa. Wapo wanaousoma ili wajiandae nao, na kipimo kilichofichuliwa hakimfai tena hata mgonjwa wa kweli anayehitaji kuaminiwa.

Huko katikati ndiko kazi ilipo. Tuchukue mfano wa kubuni, uliojengwa kwa mambo yanayotokea kweli katika kliniki.

Papa Musa ana miaka 43, mzaliwa wa Bukavu, anafanya kazi ghalani karibu na Toronto. Miezi 14 iliyopita boksi lilimwangukia kichwani. Alipoteza fahamu kwa muda usiofika dakika moja, picha ya kichwa hospitalini haikuonyesha kitu, akarudi kazini baada ya siku chache, kisha akaacha. Sasa anasema anasahau kila kitu, hata majina ya watoto wake. Bima inataka ripoti kabla ya kuamua juu ya fidia yake.

Kwenye TOMM anapata 34, kisha 39, kisha 37. Yuko chini ya mpaka. Kwenye kurudia tarakimu, anazosomewa kwa Kiingereza, anapata alama ambayo vitabu vya Kiingereza huihesabu kuwa ya kutiliwa shaka. Lakini hadithi fupi aliyosimuliwa na mkalimani anaieleza nusu saa baadaye kwa kiwango cha watu wa umri wake. Hapo pana kitu hakikai sawa. Kusimulia upya bila kidokezo ni kugumu kuliko kutambua mchoro. Aliyeharibika kumbukumbu hushindwa kwanza kwenye kugumu, naye ameshindwa kwenye kwepesi.

Mtaalamu mwenye haraka angeandika neno "anajifanya" na kufunga faili. Mwenye uangalifu anaanza kwa kuondoa asichoweza kukitegemea, na cha kwanza ni zile tarakimu. Namba ambazo mtu anaweza kuzishika kichwani hutegemea, pamoja na mengine, muda unaomchukua kuzitamka. Katika Kiingereza tarakimu za 1 hadi 9 karibu zote zina silabi moja. Za Kiswahili zote zina mbili au zaidi. Mtu anayezipokea kwa lugha moja na kuzishika kwa nyingine anabeba mzigo ambao waliotumika kuweka mpaka hawakuubeba. Alama hiyo haiwezi kumsingizia Papa Musa. Vivyo hivyo kuna kipimo cha zamani cha André Rey wa Uswisi, chenye herufi na namba za Kirumi ndani yake, ambacho mtu asiyesoma sana anaweza kukifeli kwa uaminifu kabisa.

Inabaki TOMM, ambayo ni michoro na haimtegemei mkalimani sana. Je, kuna ugonjwa unaoweza kumfanya mtu aifeli bila hila? Upo. Aliyefikia hatua ya mbali ya ugonjwa wa kusahau uzeeni, asiyeweza kuishi peke yake, huifeli mara nyingi, na vilevile baadhi ya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Papa Musa alikuja akiendesha gari mwenyewe, na miadi ilipobadilishwa kwa simu siku mbili kabla, alifika saa ile mpya. Ugonjwa wa namna hiyo haumfai. Huzuni na wasiwasi peke yake kwa kawaida havimwangushi mtu kwenye zoezi hili. Lakini amelala saa tatu usiku uliotangulia, na asubuhi amemeza dawa kali ya maumivu yenye kuleta usingizi.

Hapa ndipo swali la wingi linapoingia, nalo hupuuzwa mno. Tuseme kipimo cha uhakiki kinawanasa nusu ya wasiotoa uwezo wao, na katika kila waaminifu 10 kinamkosea mmoja. Kinaonekana ni cha haki. Kipeleke kwenye wadi ya wagonjwa 1,000 wasiodai chochote, ambamo, tuseme, 80 ndio matokeo yao hayasadikiki. Kitawanasa 40 kati ya hao, na pamoja nao kitawaangusha waaminifu 92. Kwa hiyo kila ukimwona aliyefeli, yaelekea zaidi kwamba ni mwaminifu. Kipimo hichohicho kikipelekwa kwa watu 1,000 wanaodai fidia, ambao 400 kati yao matokeo yao hayasadikiki, kitawanasa 200 na kuwaonea 60. Kadirio la Wiley Mittenberg na wenzake, lililochapishwa Marekani mwaka 2002 kutokana na majibu ya wataalamu wenyewe, lilikuwa karibu na picha hiyo: asilimia 8 kwa wagonjwa wa kawaida, na 39 kwa wenye jeraha dogo la kichwa katika mazingira ya kudai. Alama 37 ya Papa Musa kwa hiyo ina uzito ambao isingekuwa nao kwa mama aliyeletwa na daktari wake baada ya kiharusi. Bado uzito huo hautoshi, na ndiyo sababu kipimo kimoja hakihukumu.

Anaitwa tena, asubuhi, baada ya daktari wake kukubali dozi isogezwe. Mkalimani sasa ni mtu aliyefunzwa kazi ya kliniki, anayetoka upande uleule wa Kongo. Tarakimu zinasomwa kwa Kiswahili, na alama inapanda kwa namba mbili. Kisha kinaletwa kipimo kingine cha kuhakiki, chenye muundo tofauti na TOMM. Anakifeli pia.

Sasa ripoti inaweza kuandikwa, na lugha yake ndiyo inayotofautisha mtaalamu na mwingine. Tangu Glenn Larrabee alipopendekeza mwaka 2012 kwamba vipimo hivi vitajwe kwa kile vinachopima, yaani kama utendaji unasadikika, wengi wameacha kuandika "juhudi hafifu", kwa kuwa kujiangusha nako kunaweza kuhitaji juhudi nyingi. Ripoti inasema vipimo viwili vya uhakiki vimeshindwa kwa siku mbili tofauti, katika hali zilizorekebishwa, na kwamba kwa hiyo alama za chini za kumbukumbu hazisomwi. Alama nzuri zinabaki na maana: mtu hawezi kujifanya ana uwezo asiokuwa nao, hivyo ile hadithi aliyoisimulia inaonyesha kwamba kumbukumbu yake inafika angalau hapo. Kwamba anadanganya, ripoti haisemi. Hakuanguka chini ya kubahatisha, na kipimo hakioni nia. Huenda anaitaka fidia. Huenda amejiaminisha kwamba kichwa chake kimekufa, akaacha kujaribu. Huenda anahofia kwamba akionekana mzima, maumivu yake ambayo ni ya kweli yatadharauliwa.

Wala ripoti haisemi kwamba hakuumia. Paul Green na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2001 kwa wadai 904, waliona kwamba matokeo ya uhakiki yalieleza zaidi ya nusu ya tofauti za alama za watu hao, na kwamba athari hiyo ilizidi ile ya jeraha kubwa la ubongo. Maana yake ni kwamba uhakiki ukishindwa, jeraha lolote lililopo limezikwa chini ya kelele, na vipimo vya siku hiyo haviwezi kulifukua.

Mtaalamu anamweleza hayo Papa Musa uso kwa uso kabla ripoti haijatumwa. Hamwiti mwongo. Anamwambia: "Papa Musa, majibu uliyonipa hayanionyeshi uwezo wako wote, na mimi siwezi kusema ni kwa nini." Anamuuliza yeye mwenyewe anaelewaje, naye anaanza kuzungumzia usingizi, kichwa kinavyomuuma, na hofu ya kurudi kwenye lile ghala. Usingizi na maumivu vinapelekwa kwa daktari na tiba inaendelea bila kungoja bima. Vipimo vya kumbukumbu havirudiwi hadi hayo yatulie, na ripoti inaitaja sababu hiyo kwa sentensi mbili.