Boma lisilo na paa na kodi isiyokwisha

Ukipita Chanika, Goba au Kibaha utaona maboma mengi yaliyofika kwenye lenta na kusimama hapo. Nyasi zimeota sebuleni, na juu ya kuta maji ya mvua yameacha michirizi ya kijani. Wenyewe wengi hawakuishiwa kipato. Wapo mjini kwenye nyumba za kupanga, wanalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kila mkupuo ni bati ambazo hazikununuliwa.

Mjadala wa kupanga au kujenga huwa unaendeshwa kana kwamba mtu hufanya kimoja au kingine. Kwa familia ya kipato cha kati, miaka mingi hufanya vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo hela inapopotelea. Swali la maana ni muda utakaolipa kodi huku unajenga.

Tuchukue mke na mume, mwalimu na muuguzi, wanaopanga Tabata kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Baada ya kodi na matumizi wanabakiwa na 500,000. Kiwanja wameshanunua kwa akiba. Sasa wanataka nyumba ya vyumba vitatu ambayo, mpaka iweze kuhamiwa, tuseme itakula milioni 45. Kwa 500,000 kila mwezi hiyo ni miezi 90, yaani miaka saba na nusu. Katika muda huo watakuwa wamempa mwenye nyumba milioni 27.

Njia ya pili ni kuanza na vyumba vya uani: viwili vya kulala, jiko dogo, choo na bafu, chini ya paa la mteremko mmoja. Tuseme milioni 15. Wanahamia baada ya miezi 30, wakiwa wamelipa kodi ya milioni 9 tu. Kuanzia hapo ile 300,000 inakuwa yao, ingawa nauli za kwenda kazini na shuleni zinaongezeka. Tukikata 150,000 ya nauli, wanabaki na 650,000 za ujenzi. Nyumba ileile ya milioni 45 inamalizika kwa takriban miezi 69 mingine. Jumla ni miezi 99. Wamechelewa miezi tisa, lakini mkononi wana nyumba kubwa pamoja na vyumba vya uani vya kupangisha, na muda mwingi wa kazi hiyo wamelala kwao, wakimwona fundi kwa macho.

Hilo la mwisho lina thamani yake. Fundi anayesimamiwa kwa simu ndiye anayefyatua tofali 50 za nchi sita kwa mfuko mmoja wa saruji, wakati tofali ya kuaminika hutoka kama 30 hivi. Jaribio ni jepesi: kwaruza pembe kwa ufunguo. Ikimomonyoka kama unga, usiipokee.

Kujenga taratibu nako kuna utaratibu wake wa kununua. Tofali zilizomwagiliwa vizuri zinaweza kukaa, na ndiyo maana ni vizuri kuanza nazo. Saruji haikai: ikipita miezi mitatu stoo nguvu yake inapungua, na mabonge yasiyovunjika kwa vidole yanaonyesha kwamba imeshashika. Boma nalo usiliinue kama hela ya kupaua haipo. Ni heri msingi ubaki msingi mwaka mzima kuliko kuta zinyweshewe masika mbili.

Hesabu hizi zote zinaanguka kama kiwanja kina mgogoro. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa inathibitisha kwamba mliuziana, basi. Haithibitishi kwamba muuzaji ndiye mmiliki. Kwa kiwanja kilichopimwa, chukua namba yake na kitalu, ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi, kisha umlipe mpima akuonyeshe bikoni. Uliza pia kama muuzaji ana mwenza, maana mwenza ambaye hakuridhia anaweza kuupinga mauzo mahakamani. Dalali atakuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni na hela taslimu. Mwache aje.

Kuna watu ambao kupanga kunawafaa zaidi, na si wachache. Mtumishi anayetazamia uhamisho atajikuta na boma Kibaha na kazi Songea. Mwingine amepata kiwanja cha bei nafuu kwa sababu kiko mbali na lami, maji ya bomba na nguzo za umeme. Huyo, kabla hajachimba msingi, apande magari ya kwenda kazini siku ya kazi, alfajiri, na aandike kila alicholipa, bodaboda ikiwemo. Kwa familia yetu ya Tabata, nauli ya ziada na maji ya kununua kwa boza vikifika 300,000 kwa mwezi, kuhama hakujawaongezea hata mfuko mmoja wa saruji.