Wigi la Inchi 18: Yanayostahili Kuandikwa Kabla ya Bei

Matangazo mengi ya wigi kwenye stetasi ya Watsapu huwa na picha moja, maneno "orijino, inchi 18", bei na namba ya simu. Mteja aliyeko Mwanza, anayetumiwa mzigo kwa basi kutoka Kariakoo, hawezi kulishika wigi kabla ya kulipa. Kinachoachwa kwenye tangazo hugeuka ugomvi mzigo ukifika. Tuchukue wigi moja jeusi la mawimbi, lenye lesi mbele, tuliandikie tangazo.

"Orijino" haimwambii mteja kitu. Anachotaka kujua ni kama nywele ni za binadamu, za plastiki au mchanganyiko, na maandishi ya paketi si ya kuaminiwa peke yake. Chomoa nyuzi chache kutoka sehemu tofauti za wigi, zishike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani, uziwashe. Nywele za mtu hunuka kama manyoya ya kuku yakibabuliwa, na majivu yake husagika vidoleni. Plastiki hujikunja, huyeyuka, kisha huacha kitone kigumu. Nyuzi zikitoa majibu tofauti, huo ni mchanganyiko, na uandikwe hivyo.

Moto hauonyeshi ubora, lakini. Nywele za binadamu zilizokusanywa ovyo, mizizi huku na ncha kule, magamba yake hukwaruzana na kujisokota. Viwandani huondolewa magamba kwa tindikali, kisha hupakwa silikoni. Dukani zinang'aa vizuri sana. Zikishaoshwa mara kadhaa silikoni hutoka, na fundo huanzia kisogoni. Ndiyo maana kabla ya kuandika "remi", yaani nywele zote zimeelekezwa upande mmoja kutoka mzizi hadi ncha, muuzaji makini huosha wigi moja la mzigo huo mara kadhaa na kulichana likiwa kavu.

Urefu una mtego wake: inchi hupimwa uzi ukiwa umenyooshwa. Mawimbi yakirudi, wigi letu la inchi 18, karibu sentimita 46, linaweza kuning'inia kama la inchi 15. Mteja ataona ameibiwa, na kwa jinsi alivyolielewa tangazo, simlaumu. Andika vipimo vyote viwili na uweke picha ya utepe wa kupimia ukiwa kando ya nywele.

Kuhusu ujazo, asilimia 130 hadi 150 huonekana kama kichwa cha kawaida, 180 limejaa, na kuanzia 200 linakuwa zito hata shingo inahisi. Lakini viwanda havipimi kwa namna moja, na asilimia hiyo inaweza kuwa ya juu tu, ncha zikabaki nyembamba kama mkia wa panya. Mizani ya jikoni husaidia: andika gramu, kisha piga picha ya ncha zikiwa juu ya kitambaa cheupe.

Rangi ndiyo inayoharibu mawigi mengi zaidi. Dai ya nywele haishiki kwenye plastiki, na kwenye mchanganyiko hutoa madoa. Nywele za binadamu ambazo hazijatiwa rangi kiwandani, kwa kawaida huuzwa kama 1B, hukubali dai na hata blichi kwa uangalifu. Zilizotiwa nyeusi tii kiwandani ni shida, kwa sababu dai haiondoi dai. Ukitaka kahawia lazima upitishe blichi, na mara nyingi hutoka machungwa. Zile za 613, za dhahabu, zimeshapigwa blichi: hupokea rangi yoyote iliyokoza zaidi, lakini ukiziongezea blichi zitakatika. Usiahidi rangi kwa kukisia. Kata kishungi kidogo ndani ya wigi, kijaribu, ndipo uandike.

Matunzo yaandikwe kama maagizo ambayo mteja anaweza kuyafuata nyumbani. Tangazo letu sasa linasomeka hivi:

"Wigi la nywele za binadamu, tumelichoma na kuliosha. Mawimbi. Inchi 18 likinyooshwa, 15 likiachwa. Ujazo 180, gramu 230. Rangi 1B, halijatiwa dai. Linakubali kahawia, tulijaribu kishungi. Chana kwa vidole au chanuo la meno mapana, likiwa na kondishena, kuanzia ncha. Osha kwa maji ya vuguvugu, anika kivulini. Pasi isizidi nyuzi 180. Usilale nalo."

Mzigo mpya ukifika, hata wa kiwanda kilekile na paketi ileile, nyuzi zichomwe tena na gramu zipimwe upya. Nywele hununuliwa kutoka kwa wakusanyaji wengi, na zinazofanana machoni zinaweza kuachana kabisa majini.