Kifungu Kisicho na Nambari

Kijana anachukua pikipiki kwa mkopo. Mkataba umeshachapishwa, kurasa nne au tano za herufi ndogo, nakala ni moja. Anatia saini, anapiga picha kwa simu, karatasi inabaki ofisini. Miezi ikipita na ugomvi ukazuka kuhusu faini, kilichopo mkononi mwake ni zile picha tu. Ndizo atakazompelekea wakili, au msaidizi wa kisheria, ambaye nchini Tanzania anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Lakini aghalabu kinachofika kwa msomaji huyo si ukurasa mzima. Ni kipande kilichokuzwa na kukatwa: mistari mitatu kuhusu faini, ukingo wa kushoto umeondolewa, na nambari ya kifungu imekwenda nao.

Kwa mwenye shida kipande hicho kinatosha, kwa sababu kina maneno yanayomuuma. Kwa anayetakiwa kumtetea hakitoshi hata kidogo. Vifungu vya mkataba hutegemeana. Kimoja kinatoza, kingine kinasamehe, cha tatu kinasema lini kile cha pili hakitumiki, na kinachoviunganisha ni nambari peke yake.

Tuanze na picha yenyewe. Ukurasa wa A4 una urefu wa milimita 297. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 hivi, kwa hiyo ukurasa ukijaa vizuri kwenye picha, kila milimita inapata pikseli 13 na ushee. Tarakimu ya maandishi madogo sana, yale ya ukubwa wa pointi 6, ina kimo cha milimita moja na nusu. Basi inachorwa kwa pikseli kama 20, na hapo 6 na 8 hutofautishwa bila taabu. Ila picha hiyo ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na upande wake mrefu hubaki na pikseli 1,600 hivi. Tarakimu ileile sasa ina pikseli nane tu. Tumbo la 6 na matumbo mawili ya 8 hukaribia kufanana, na nukta ya desimali inabaki doa moja linaloweza kumezwa na vumbi la karatasi.

Kukuza hakurudishi kilichopotea. Ukitanua picha kwa vidole kisha ukapiga picha ya skrini, unapata doa lilelile likiwa kubwa zaidi. Dawa ni kupiga upya kwa karibu karatasi ikiwa bado ipo. Piga kwanza ukurasa mzima, ili msomaji ajue kila kitu kimekaa wapi. Kisha laza simu, ujaze upana wote wa karatasi kuanzia ukingo wa kushoto hadi wa kulia, upige nusu ya juu na nusu ya chini, mistari miwili mitatu ikijirudia katika picha zote mbili. Kwa kufanya hivyo ile tarakimu ndogo inapanda kutoka pikseli 20 hadi kama 28, na mistari inayojirudia inathibitisha kwamba hakuna kifungu kilichoangukia katikati. Simu iwe sambamba na karatasi, mwanga utoke dirishani ubavuni, na flashi izimwe kwa sababu hung'arisha wino. Wakati wa kutuma, ambatisha picha kama hati, au angalau chagua HD.

Sasa tuone madhara yanavyotokea. Tuseme mkataba una kifungu cha 5.3 kinachosema mkopaji anayechelewa atatozwa faini ya 1.5% ya rejesho kwa kila wiki, "kwa kuzingatia kifungu cha 8.1(b)". Rejesho ni shilingi 60,000 kwa wiki. Faini halali ni shilingi 900. Nukta ikifutika inasomeka 15%, na faini inakuwa shilingi 9,000. Hilo ni kosa la kwanza, na angalau linashtua. La pili ni la kimyakimya zaidi. Kwenye picha iliyofifia, 8.1(b) inasomeka 6.1(b). Msomaji anakwenda 6.1(b), anakuta habari za bima, anaona hazihusiani, anaendelea na kazi. Kumbe 8.1(b) ndicho kinachosema faini haitatozwa kwa wiki ambazo pikipiki iko gereji kwa idhini ya mkopeshaji, na pikipiki ya kijana huyu ilikuwa gereji wiki tatu. Utetezi wake wote ulikuwa ndani ya tarakimu moja.

Namna ya kulikamata kosa hili ni kuifuata kila rejea mpaka inakoelekeza. Ukikuta kifungu kinazungumzia faini na kinakupeleka kwenye bima, simama. Tafuta katika picha hiyohiyo 6 na 8 ambazo huna shaka nazo, kwa mfano za vichwa vya vifungu, ambazo mfuatano wake unazithibitisha: baada ya 7 lazima ije 8. Linganisha maumbo yaliyo na ukubwa sawa. Ukishindwa kuamua, andika [haisomeki: 6 au 8], uombe picha nyingine. Kubahatisha ni kumwandikia mtu mkataba ambao hakuusaini.

Wala usiamini kitu kwa sababu tu kinaonekana safi. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Katika ramani ya nyumba, chumba cha mita za mraba 21.11 kilitoka kikisomeka 14.13, kwa maandishi makali yasiyo na ukungu wowote. Ili kupunguza uzito wa faili, mashine ilihifadhi kiraka kimoja cha picha na kukirudia popote ilipodhani pamefanana, na herufi ndogo ndizo zilizoponzwa zaidi. Ukungu humwonya msomaji. Kosa lililong'arishwa halimwonyi.

Kazi ya kunakili kwa kompyuta ina mtego wake. Ukianza mstari kwa 5.3, programu ya kuandikia inaweza kuichukua kama orodha na kuendelea kuhesabu yenyewe. Ukiruka aya moja isiyosomeka, kilichokuwa 5.5 kinageuka 5.4 na rejea zote zinapotea njia. Zima uhesabuji wa moja kwa moja, andika kila nambari kwa mkono kama ilivyochapwa. Angalia pia (i): ikifuata (h) ni herufi, na ikifuatiwa na (ii) ni moja ya Kirumi. Picha iliyokata mstari wa juu na wa chini haiwezi kukwambia ni ipi.

Na mkataba wenyewe ukiwa na kosa, liache. Hutokea kifungu kikafutwa wakati wa kuandaa, nambari zikasogea, rejea zikabaki za zamani. Mkataba unaishia 12.3 huku ukurasa wa pili ukitaja 12.4. Nakili 12.4, kisha weka pembeni [hakipo katika mkataba]. Ukirekebisha kwa wema wako, unamnyima wakili hoja ambayo huenda ingemsaidia mteja.

Kwa hiyo wewe unayesaini leo, kabla hujairudisha karatasi mezani, fungua picha, tafuta nambari ndogo kuliko zote kwenye ukingo wa kushoto, uisome kwa sauti. Ukisita, piga tena.