Ukurasa wa Kusikilizwa

Mtu asiyeona anapofungua tovuti, hasubiri asomewe yote kuanzia juu hadi chini. Akiwa na NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta, hubonyeza herufi H na kurukia kichwa cha habari kinachofuata. Akisikia vichwa vitano au sita, ameshajua ukurasa umepangwaje na aende wapi.

Chukua ukurasa wa kwanza wa nyumba ya wageni. Maneno Vyumba, Bei na Jinsi ya Kufika yameandikwa kwa herufi kubwa na nene, lakini mtengenezaji aliyanenepesha tu, hakuyatia alama ya kichwa. Msikilizaji anabonyeza H, anaambiwa hakuna kichwa mbele. Mwingine hukosea kinyume chake: huipa namba ya simu alama ya kichwa cha ngazi ya 4 kwa kuwa amependa ukubwa wa herufi zake. Ukubwa una mahali pake pa kurekebishiwa. Alama huonyesha kipi kiko chini ya kipi:

```html
<h1>Nyumba ya wageni, Bagamoyo</h1>
<h2>Vyumba na bei</h2>
<h3>Chumba cha watu wawili</h3>
```

Maneno yenyewe nayo yapimwe kwa sikio. "Karibu peponi" kikisikika peke yake hakimwambii mgeni kitu; "Vyumba na bei" kinamfikisha.

Kwenye picha, maelezo huandikwa ndani ya `alt`, na kinachoyaamua ni kazi ya picha pale ilipo. Picha ya chumba iseme: "Kitanda kikubwa chenye chandarua, mlango unatokea barazani." Usianze na "picha ya", kwani programu imeshatangaza kuwa ni picha. Alama ya WhatsApp inayobonyezwa iandikwe "Tuandikie kwa WhatsApp", maana rangi yake ya kijani haimsaidii anayetaka kuagiza chumba. Hiyo ikiachwa bila maelezo, msikilizaji anaweza kusomewa jina la faili au anwani ndefu isiyoeleweka. Mchoro wa mawimbi uliowekwa kwa urembo upewe `alt=""`, nafasi tupu ya makusudi, nao utarukwa kimya.

Kinachoniuma zaidi ni orodha ya bei iliyopigwa picha na kubandikwa. Usiishindilie yote ndani ya `alt`. Iandike upya kama jedwali la maandishi, ili msikilizaji aipitie safu kwa safu.

Vipo vyombo vya kukagua tovuti, navyo hugundua maelezo yanayokosekana. Havijui kwamba neno "picha1" halina faida kwa mtu. Kwa hiyo zima kioo cha kompyuta, washa NVDA, pitia vichwa kwa H na picha kwa G. Kisha mlipe mtumiaji asiyeona kwa muda wake, umwombe atafute bei ya chumba cha watu wawili. Mahali atakapokwama ndipo pa kurekebisha kwanza.